Maoni Yapi Yakae Juu: ya Kufanya na ya Kutofanya

Masharti haya ni ya wenye maduka ya mtandaoni. Mawili ya mwisho ni ya mnunuzi.

Usipange maoni ya wateja kwa kutoa kura za "hapana" katika kura za "ndiyo". Chukua maoni matatu kuhusu simu moja. Ya kwanza yana ndiyo 2, hapana 0. Ya pili, ndiyo 60, hapana 10. Ya tatu, ndiyo 200, hapana 100. Ukitoa, ya tatu yanaongoza, ingawa theluthi nzima ya waliopiga kura waliyakataa.

Usipange kwa asilimia pia. Hapo ya kwanza yanapaa kileleni kwa 100%, na waliopiga kura ni wawili tu. Huenda ni mwandishi na jirani yake.

Tumia kikomo cha chini cha Wilson, hesabu ya Mmarekani Edwin B. Wilson ya mwaka 1927, ambayo Evan Miller aliipigia debe mwaka 2009 kwa kazi hii hasa. Inauliza: kwa kura zilizopo, tukikadiria kwa tahadhari, ni sehemu gani ya wasomaji ingesema ndiyo? Kura zikiwa chache, inapunguza sana. Kwa kiwango cha uhakika cha 95%, ya kwanza yanapata 0.34, ya pili 0.76, ya tatu 0.61. Ya pili ndiyo yanayostahili kutangulia.

Usiondoe kitufe cha "hapana" kisha ukadai unapanga kwa haki. Bila kura hizo hesabu ya Wilson haina cha kupima. Unabaki kuhesabu ndiyo peke yake, na waliowahi kuandika ndio wanaovuna.

Tenga nafasi moja karibu na juu kwa maoni mapya, uyachague kwa bahati nasibu. Ninalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu kuna tatizo ambalo hata Wilson haliponyi: yaliyo juu husomwa, yakisomwa hupigiwa kura, yakipigiwa kura hukaa juu. Mapya yaliyo ukurasa wa tano hayajashindwa na yeyote, hayajaonwa.

Ficha idadi ya kura mpaka msomaji apige yake. Mwaka 2013, Muchnik, Aral na Taylor walichapisha jaribio katika jarida la Science: maoni yaliyopewa kura moja ya bandia ya kuunga mkono mwanzoni yaliishia na alama za juu zaidi kwa wastani wa 25%.

Nawe mnunuzi, usiishie kwenye mpangilio uliowekewa. Kwenye Amazon, badili "Top reviews" iwe "Most recent", kisha linganisha tarehe.

Ukikuta ya juu ni ya miaka miwili iliyopita yakisifu betri, na ya mwezi huu yakilalamika kwamba haifiki jioni, yaamini ya mwezi huu.