Msimamizi Ameondoka, Oda Imebaki

Darasani tunafundishwa sana namna ya kumpata mteja. Namna ya kumhamisha mteja kutoka mkono mmoja kwenda mwingine inapita haraka haraka, halafu ukifika fildi ndiyo kazi ya kwanza unayokutana nayo: aliyekuwa anashika wateja wakubwa ameacha kazi, kiti kitupu, na bosi anamwambia mgeni, "Haya, endelea na wateja wake." Hapa nachukua upande mmoja tu wa jambo hilo, zile oda ambazo mwenzako ameziacha njiani.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa kawaida kabisa. Kiwanda kidogo Dar es Salaam kinatengeneza viroba vya unga vyenye chapa ya mteja. Msimamizi anaondoka Ijumaa. Nyuma yake kuna wateja watatu wa kuangalia. Wa kwanza ni mama mwenye kinu cha sembe Morogoro: ameagiza viroba 10,000 vya kilo 25, kila kimoja shilingi 900, na ameshatanguliza nusu, yaani shilingi 4,500,000. Anavitegemea Ijumaa ijayo. Wa pili ni mtengenezaji wa chakula cha kuku Kibaha: aliagiza 20,000, amepokea 12,000, bado 8,000. Wa tatu ndiye mkubwa kuliko wote, lakini kwa sasa hana oda yoyote inayosubiri.

Nani apigiwe simu kwanza? Mabosi wengi wataanza na yule mkubwa, kwa heshima. Mimi naona ni kosa. Anza na mwenye hela yake ndani na tarehe iliyo karibu, maana huyo ndiye anayeumia kila siku inayopita. Mama wa Morogoro anapigiwa Jumatatu asubuhi, wa Kibaha siku hiyo hiyo mchana, mkubwa atasubiri hadi Jumanne na hatakosa kitu.

Kabla ya simu kuna kazi ya ndani. Kama aliyeondoka ametoa taarifa kwa utaratibu, muda upo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi (mwezi wa kwanza wa kazi una hesabu yake). Siku hizo zisiishie kwenye keki ya kuagana. Mgeni akae naye, oda moja baada ya nyingine, na kwa kila oda aulize mambo matatu: kipi kimeandikwa, kipi kilisemwa tu kwa mdomo, na mteja anategemea kusikia nini, lini. Swali la katikati ndilo lenye mali. Bei na idadi utazikuta kwenye profoma. Ahadi utazikuta kwenye simu ya mtu, na simu hiyo anaondoka nayo.

Baada ya hapo mgeni ashuke kiwandani akaone kwa macho. Kwenye kompyuta neno "inaendelea" linaweza kumaanisha mzigo umeshafungwa, au kwamba hakuna aliyeugusa. Kwa mama wa Morogoro kompyuta inasema "sampuli imekubaliwa", na sampuli yenyewe ni ya mwaka jana. Mashine haijawashwa. Bahati nzuri.

Sasa simu. Mgeni asipige peke yake. Kama aliyeondoka ameondoka kwa amani, awepo yeye. Kama sivyo, aanze bosi, sauti ambayo mteja anaijua:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Nakupigia kuhusu viroba vyako elfu kumi. Milioni nne na nusu yako tunayo, imeandikwa. Yule kijana uliyekuwa unafanya naye kazi hayupo nasi tena tangu Ijumaa. Ninaye hapa anayeshika mzigo wako sasa, naomba uongee naye."

Ona mpangilio: mzigo na hela vimetangulia, habari ya mtu imefuata. Ukianza na "kijana ameondoka", mama anaacha kusikiliza, anawaza hela yake. Sababu za kuondoka hazitajwi, hata akiuliza mara mbili.

Halafu mgeni, baada ya shikamoo yake, asijitambulishe kwa dakika tano na shahada zake. Aulize: "Mama, kabla hatujawasha mashine naomba unieleze, mlikubaliana nini kuhusu maandishi ya kwenye kiroba?"

"Mbona nilishamwambia? Namba ya simu ibadilishwe. Ile laini ya zamani siitumii."

Hapo ndipo ilipo faida ya simu nzima. Ujumbe huo ulikuwa kwenye wasapu ya aliyeondoka. Bila swali lile vingechapwa viroba 10,000 vyenye namba isiyopokelewa, na bamba la kuchapia lingetengenezwa upya kwa gharama ya kiwanda. Kwa hiyo mteja aulizwe swali lililo wazi. Ukimwambia "tunaendelea kama mlivyokubaliana, sawa mama?" atajibu sawa, kwa sababu anaamini unayajua.

Mtego unaofuata ni huruma. Bamba jipya linahitaji siku mbili, na mgeni anatamani kusema "Ijumaa bado ipo" ili apendwe. Asiseme. Aseme, "Nitakupigia leo saa kumi jioni nikishaongea na watu wa mashine," na saa kumi apige kweli, hata kama jibu ni baya. Jioni hiyo anagundua mama hahitaji vyote Ijumaa: viroba 2,000 vinatosha kwa sembe iliyopo, vilivyobaki vinaweza kufika Jumatano. Kiwanda kinaweza hivyo. Kumbe tarehe ilikuwa na nafasi, ila hakuna aliyeuliza.

Kwa wa Kibaha kinachojitokeza ni kingine. Ankara inasema alipe ndani ya siku 30, yeye anasema aliahidiwa 45. Mgeni asikubali wala asibishe kwenye simu ya kwanza. Ayaandike, ampelekee bosi, arudi na jibu kesho. Viroba 8,000 vilivyobaki viendelee kwenda, visigeuzwe fimbo ya kumlipisha.

Siku hiyo hiyo kila mteja atumiwe maandishi: jina na namba ya msimamizi mpya, oda yake ilivyo, tarehe ya mzigo, na sentensi moja kwamba akaunti ya malipo ni ile ile ya kampuni, asitume hela kwenye namba ya mtu. Msidhani ni adabu tu. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mamlaka ya wakala yakikoma, kwa mtu wa nje yanahesabiwa yamekoma pale anapopata habari. Mteja ambaye hajaambiwa, akamlipa aliyeondoka kwa nia njema kama alivyozoea, anaweza kuwabana vizuri tu. Tarehe ya ule ujumbe ndiyo kinga yenu.

Utajuaje kama makabidhiano hayajashika? Siyo kwa malalamiko, wengi hawalalamiki. Mteja anaanza kumpigia dereva kuulizia mzigo. Au oda mpya inafika ikiwa nusu ya kawaida, maana yake nusu nyingine anajaribu kwingine. Au mgeni anasikia "nilishamwambia mwenzako" kwa jambo la juzi, kumbe mteja bado anaongea na yule wa zamani. Hilo la mwisho likitokea, bosi apige tena, na safari hii mgeni apande basi la Morogoro na viroba 2 vya mwanzo mkononi, mama aisome ile namba kwa macho yake kabla mashine haijamaliza 9,998 vilivyobaki.