Barua ya Shukrani kwa Mfadhili Yenye Taarifa ya Matumizi ya Fedha

Maelezo ya mada

Barua ya kumshukuru mfadhili ni barua rasmi. Ina anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha habari, mwili na mwisho wenye saini, jina na cheo. Muundo huo mwanafunzi anaufahamu. Tofauti yake na barua nyingine rasmi imo kwenye mwili, kwa sababu barua hii hufanya kazi mbili kwa pamoja: inashukuru na inatoa hesabu.

Wanafunzi wengi hufanya kazi ya kwanza na kuiacha ya pili. Wanaandika "asante sana" mara nne, wanamwombea mfadhili maisha marefu, kisha wanamaliza. Mfadhili aliyeko Dar es Salaam hawezi kuja Singida kuona kilichofanyika. Barua ndiyo macho yake. Asipoona fedha zilikokwenda, hana sababu ya kutoa tena.

Mfano wa swali

Umoja wa wahitimu wa shule yenu iliyopo mkoani Singida uliwapa shilingi 2,500,000 kwa ajili ya kuvuna maji ya mvua. Mliomba fedha hizo kwa mchanganuo ufuatao: tangi la lita 5,000 sh. 1,150,000, mifereji ya kukinga maji kwenye majengo mawili ya madarasa sh. 1,080,000, na ufundi sh. 270,000. Ukiwa Kiranja Mkuu, andika barua ya kushukuru na kueleza matumizi.

Hatua ya kwanza: andaa hesabu kabla ya kuandika

Chukulia kwamba kazi ilipoanza, fundi alieleza kuwa tangi haliwezi kukaa juu ya udongo mtupu. Likijaa lina uzito wa zaidi ya tani 5, na udongo ukititia litaegemea upande mmoja na kupasuka. Msingi wa mawe na saruji ukagharimu sh. 390,000. Kusafirisha tangi kutoka mjini kukagharimu sh. 80,000. Gharama hizi mbili hazikuwamo kwenye maombi, na jumla yake ni sh. 470,000. Shule ikaamua kuweka mifereji kwenye jengo moja tu, kwa sh. 540,000.

Matumizi yote ni 1,150,000 + 540,000 + 390,000 + 80,000 + 270,000 = 2,430,000. Salio ni 70,000. Hakiki kwa njia ya pili: fedha za mfereji ulioachwa ni 540,000, ukitoa gharama mpya 470,000, zinabaki 70,000. Njia zote mbili zikikupa jibu moja, hesabu yako iko sawa.

Hatua ya pili: andika barua

Shule ya Sekondari X,
S.L.P. 00,
SINGIDA.
26 Februari, 2024.

Katibu,
Umoja wa Wahitimu,
S.L.P. 00,
DAR ES SALAAM.

Kupitia kwa: Mkuu wa Shule.

Ndugu,

YAH: SHUKRANI NA TAARIFA YA MATUMIZI YA SH. 2,500,000 ZA KUVUNA MAJI YA MVUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya wanafunzi 400 wa shule hii, nawashukuru kwa msaada wa sh. 2,500,000 tulioupokea tarehe 6 Novemba, 2023 kupitia akaunti ya shule.

Fedha hizo zimetumika kama ifuatavyo:

1. Tangi la lita 5,000: sh. 1,150,000
2. Mifereji ya jengo moja: sh. 540,000
3. Msingi wa tangi: sh. 390,000
4. Usafiri wa tangi: sh. 80,000
5. Ufundi: sh. 270,000

Jumla ni sh. 2,430,000 na salio ni sh. 70,000.

Katika maombi yetu tulitaja majengo mawili. Tumeweka mifereji kwenye jengo moja kwa sababu msingi na usafiri wa tangi havikuwamo kwenye makadirio yetu. Salio lipo kwenye akaunti ya shule. Tunapendekeza litumike kununua koki ya akiba na kufuli, na tunasubiri idhini yenu.

Tangi lilijaa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Januari, 2024. Awali kila mwanafunzi alibeba dumu la lita 5 kutoka nyumbani siku mbili kwa wiki. Kwa wiki 5 zilizopita hatujabeba madumu. Hata hivyo, mvua zitakapokwisha, maji ya tangi lililojaa yatatutosha kwa kunywa kwa siku 12 hivi.

Naambatisha nakala za risiti 5 na picha 2.

Wenu mtiifu,
(Saini)
(Jina)
Kiranja Mkuu.

Hatua ya tatu: elewa kwa nini imeandikwa hivyo

Tazama aya ya mabadiliko. Mwanafunzi mwoga angeandika "mifereji imewekwa" na kunyamaza kuhusu jengo la pili. Lakini mfadhili ana nakala ya maombi. Akilinganisha, ataona sh. 540,000 pasipo sh. 1,080,000, naye atajiuliza zilizobaki ziko wapi. Mabadiliko yenye sababu ni jambo la kawaida katika ujenzi wowote. Yaliyofichwa huonekana kama wizi hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Salio nalo lisitumiwe kwanza ndipo litolewe taarifa. Fedha zilitolewa kwa kazi iliyotajwa, hivyo anayeamua matumizi mengine ni aliyezitoa. Ndiyo maana barua inapendekeza na kusubiri idhini.

Sasa tazama aya ya manufaa. Haisemi kwamba tatizo la maji limekwisha, kwa sababu si kweli. Lita 5,000 ukigawa kwa wanafunzi 400 ni lita 12.5 kwa kila mmoja. Akinywa lita 1 kwa siku, tangi litaisha baada ya siku 12. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaokoma kati ya Aprili na Mei, na baada ya hapo tangi halijazwi tena na mvua. Mfadhili akiambiwa tatizo limekwisha, kisha akasikia mwezi Agosti kwamba madumu yamerudi, hataiamini barua ijayo.

Makosa ya kuepuka

1. Kuomba msaada mpya ndani ya barua hiyohiyo. Shukrani hugeuka kuwa utangulizi wa ombi. Maombi ya mifereji ya jengo la pili yaandikiwe barua yake.
2. Kuandika "matumizi mengine" bila kuyataja. Kila shilingi iwe na jina la kitu kilichonunuliwa.
3. Idadi ya risiti kutolingana na vipengele. Kwenye mfano wetu vipengele ni 5 na risiti ni 5. Ya ufundi huandikwa na kusainiwa na fundi mwenyewe.

Zoezi

Mfadhili aliipa shule yenu sh. 1,800,000 za kununua madawati 30 kwa sh. 60,000 kila moja. Bei ilipanda hadi sh. 68,000, na hakukuwa na gharama nyingine. Tafuta idadi ya madawati yaliyonunuliwa na salio, kisha andika barua ya shukrani yenye taarifa ya matumizi. (Kidokezo: madawati 26, salio sh. 32,000.)