Mtumwa Aliyezika Talanta: Alikosa Nini?

Tulipokuwa tukisoma Mathayo sura ya 25 katika darasa langu la Biblia hapa Kampala, kijana mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, yule mtumwa wa tatu aliiba nini?" Nilitaka kumjibu upesi, nikaona sina jibu.

Talanta si senti ya mfukoni. Talanta moja ya fedha ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hiyo ni kazi ya miaka 20. Tena kuzika ilikuwa njia ya mtu mwangalifu. Samweli, mwalimu wa Wayahudi huko Babeli katika karne ya 3, alifundisha kuwa fedha ya amana hailindwi ila ardhini. Lakini sheria yao ilimlipisha mlinzi aliyeifunga fedha katika kitambaa akaitupa begani, ikapotea.

Sasa fungua Luka 19. Mtumwa wa huko aliweka fedha katika leso, na bwana wake alikuwa ameagiza waziwazi wafanye biashara. Huyo hana udhuru. Mathayo hakuandika agizo lolote.

Kijana wa pili akasema kuzika ni ujinga, maana babu yake alipata hasara. Ni kweli: Mei 1987 Serikali yetu ilibadili shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, ikakata na kodi ya asilimia 30. Aliyeficha 100,000 alipata 700. Lakini hizo zilikuwa noti, bwana mdogo! Talanta ilikuwa uzito wa madini, nayo ilirudi nzima.

Mwaka 1993 Richard Rohrbaugh, mwanachuoni wa Amerika, aliandika kuwa mkulima maskini angemsifu mtumwa huyu. Kwa mkulima huyo mali ya dunia ilikuwa na kiasi chake, hata faida ya mmoja ikawa hasara ya mwenzake. Na Kutoka 22:25 inakataza kumtoza maskini riba. Rohrbaugh alimtaja pia Eusebio, askofu wa karne ya 4, aliyeijua Injili nyingine ya herufi za Kiebrania. Humo mtumwa mmoja alitapanya mali kwa makahaba, mmoja alizidisha, mmoja alificha. Na wa kufungwa gerezani, Eusebio alidhani, huenda ni yule mtapanyaji.

Mimi sikushawishika kabisa. Mathayo ameuweka mfano huu kabla tu ya habari za hukumu, na bwana anawakaribisha wale wawili katika furaha yake. Mnyang'anyi hakaribishi watu hivyo. Ila yule kijana wa kwanza alinionyesha jambo nililolipita miaka mingi: mtumwa alimwambia bwana kuwa huvuna asipopanda, na bwana, kwa hasira zake zote, hakukana.