Soma Kibandiko Kabla ya Kulipa: Nambari ya Modeli ya Runinga na Kijitabu Chake

Tangu mwaka 2015, matangazo ya runinga ya antena nchini Kenya yanarushwa kwa mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2. Runinga yenye king'amuzi cha mfumo huo ndani yake hupata vituo vya bure kwa antena peke yake. Isiyo nacho itaonyesha "No Signal" hata ukiinua antena juu ya mnazi, na mwenyewe atarudi mjini kununua king'amuzi cha nje. Kwa hiyo mkazi anayenunua runinga, hasa ya mitumba, ana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa pesa: je, hii ina DVB-T2 ndani?

Muuzaji atasema ina. Mara nyingi hadanganyi. Naye ameambiwa hivyo na aliyemuuzia. Jibu lenyewe liko kwenye nambari ya modeli, na mtu yeyote mwenye simu na bando kidogo anaweza kulifikia akiwa hapo hapo dukani.

Tuchukue mfano. Runinga mbili zimewekwa mezani, zote Samsung za inchi 32, zote za smati, na muuzaji anaziita "fifty-three hundred" kwa sababu zote zina 5300 kwenye jina. Moja ni ya bei nafuu kidogo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zigeuze uangalie mgongo.

Kibandiko cha nyuma

Nyuma ya kila runinga kuna kibandiko kidogo, kwa kawaida upande wa chini au karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Juu yake kuna maandishi mengi na nambari kadhaa, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Tafuta neno MODEL, MODEL NO. au MODEL CODE. Palipoandikwa S/N ni nambari ya runinga hiyo moja tu, kama nambari ya kitambulisho cha mtu. Inafaa kwa mambo ya waranti, lakini haitakupa kijitabu. Kama kuna MODEL na pia MODEL CODE, chukua MODEL CODE kwa kuwa ndiyo ndefu na ndiyo kamili.

Usiinakili kwa mkono. Herufi O na sifuri hufanana, vivyo hivyo S na 5, B na 8, I na 1. Piga picha ya kibandiko kizima ukiwa umewasha taa ya simu, kisha ikuze usome polepole. Runinga iliyotundikwa ukutani haihitaji kushushwa: ingiza simu kwenye upenyo wa pembeni, washa kamera na upige picha tatu au nne bila kuona unachopiga. Moja itatoka vizuri.

Kibandiko kikiwa kimebanduka au kufutika, runinga ya smati hujitaja yenyewe. Kwenye Samsung bonyeza kitufe cha Home kwenye rimoti, ingia Settings, kisha Support, kisha About This TV. Kampuni nyingine nazo zina ukurasa kama huo kwenye menyu ya mipangilio, mara nyingi ukiwa na neno About au TV Information. Katoni na risiti viwe vya mwisho kutumainiwa. Katoni hubadilishwa madukani, na risiti nyingi huandika tu "TV 32 smart".

Turudi kwenye mfano. Kibandiko cha runinga ya kwanza kinasema:

```
UA32T5300AUXKE
```

Cha ile ya bei nafuu kinasema:

```
UN32M5300AFXZA
```

Zile 5300 kweli zimo katika zote mbili, lakini tazama kilicho mbele na nyuma yake. Katika majina ya Samsung ya aina hii, UA ni runinga zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za Afrika na Asia, UE ni za Ulaya, na UN ni za Marekani Kaskazini. Nambari 32 ni inchi. Herufi inayofuata hutaja mwaka wa toleo: M ni 2017, T ni 2020. Kisha huja mfululizo, 5300. Herufi za mwisho hutaja soko: UXKE ni la Kenya, FXZA ni la Marekani.

Sasa ile ya bei nafuu imejieleza. Ilitengenezwa kwa mfumo wa matangazo wa Marekani uitwao ATSC, ambao hauelewani kabisa na DVB-T2. Antena yoyote utakayochomeka haitaleta hata kituo kimoja.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo pia limeandikwa kwenye kibandiko hicho hicho. Angalia mstari wa umeme. Ukiona AC100-240V au AC220-240V, inafaa kwa umeme wetu wa volti 240. Ukiona AC110-120V, usiichomeke ukutani. Sehemu yake ya kupokea umeme itaungua, pengine kwa mlio mmoja na harufu, na fundi atakudai pesa ambazo zingekununulia king'amuzi. Runinga kama hiyo hufanya kazi kwa transfoma ya kushusha volti, ikiwa na king'amuzi cha nje kilichounganishwa kwa waya wa HDMI. Piga hesabu ya vitu hivyo viwili juu ya bei unayotajiwa, uone kama bado ni nafuu.

Kutafuta bila kupotea

Ukiandika "Samsung 5300 manual" kwenye simu, utaletewa majibu mengi, na ya mwanzo yanaweza kuwa ya runinga za Marekani au Ulaya. Mtu husoma huko kwamba ina hiki na kile, kumbe anasoma habari za runinga nyingine.

Andika nambari kamili kama ilivyo, bila nafasi katikati: UA32T5300AUXKE. Anza na tovuti ya mtengenezaji. Kwa Samsung ukurasa wa eneo letu ni samsung.com/africa_en, sehemu ya Support. Usipopata kitu, punguza herufi kutoka mwisho, kidogo kidogo: UA32T5300AU, kisha UA32T5300. Usipunguze kamwe kutoka mbele. Ukiondoa UA umeondoa eneo, na umerudi kule kule kwenye runinga za watu wengine.

Ukurasa ukifunguka, hakikisha nambari iliyoandikwa juu yake ndiyo iliyo kwenye picha yako. Kisha utaona vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya: kijitabu cha maelekezo na orodha ya sifa.

Kijitabu ni faili ya PDF, na kwa kawaida kimoja huandikwa kwa ajili ya modeli nyingi za mfululizo mmoja. Ndiyo maana ndani yake kila mara kuna maneno kwamba jambo fulani linategemea modeli au eneo. Kunaweza kuwa na ukurasa mzima wa kuunganisha spika kwa Bluetooth, na runinga yako isiwe na Bluetooth. Kwa hiyo kijitabu kitumie kujua jinsi ya kufanya jambo. Kama unataka kujua iwapo jambo lenyewe limo, fungua orodha ya sifa iitwayo Specifications, ambayo huandikwa kwa modeli moja.

Katika orodha hiyo tafuta mstari wa Digital Broadcasting. Kampuni nyingine huuita Tuner au TV System. Unachotaka kuona ni T2. Mara nyingine huandikwa kwa kuunganishwa, mfano DVB-T2CS2: hapo T2 ni ya antena, C ni ya kebo, na S2 ni ya dishi la setilaiti. Pakiandikwa DVB-T/C bila ile 2, runinga hiyo ina king'amuzi cha dijitali, muuzaji hakudanganya, lakini ni cha mfumo wa zamani kisichosoma matangazo yetu. Tofauti ni tarakimu moja tu, na imewagharimu watu wengi. Runinga za Ulaya za miaka ya nyuma, zenye UE mbele, ndizo za kuangaliwa hapa kwa makini.

Ukiwa bado kwenye orodha hiyo, hesabu matundu ya HDMI na USB. Kama nyumbani kuna king'amuzi cha kulipia na mashine ya video, tundu moja la HDMI halitoshi. Fahamu pia kwamba DVB-T2 ya ndani hupata vituo vya bure pekee. Vya kulipia vimefungwa na vinahitaji king'amuzi cha kampuni yake.

Tovuti zisizo za mtengenezaji nazo huweka vijitabu, na baadhi ni za kweli. Ondoka kwenye yoyote inayokudai pesa, nambari ya kadi ya benki, au inayotaka kwanza usakinishe programu. Kijitabu cha runinga hakihitaji lolote kati ya hayo. Usipakue vilevile faili ya programu ya ndani ya runinga, ile iitwayo firmware, kwa sababu tu jina lake linakaribiana na la modeli yako. Ukiiweka isiyo yake, runinga inaweza kukataa kuwaka tena.

Runinga za kampuni ndogo

Madukani kuna runinga nyingi ambazo kampuni zake hazina tovuti yenye vijitabu, au modeli yako haimo. Hapo utafutaji kwenye simu unaishia. Omba karatasi iliyokuja ndani ya katoni, uilinganishe na kibandiko, kisha ifanye runinga yenyewe itoe ushahidi.

Mwambie muuzaji aiwashe na achomeke antena, si king'amuzi chake cha dukani. Kagua nyuma uone hakuna waya wa HDMI uliochomekwa. Kwenye menyu ya vituo, ambayo mara nyingi huitwa Channel au Broadcasting, anzisha Auto Tuning. Runinga itauliza chanzo: chagua Antenna au Air. Ukichagua Cable haitapata kitu, nawe utaikataa runinga nzima kwa kosa la kitufe. Baadhi zitauliza pia DTV au ATV. DTV ndiyo ya dijitali. Subiri hadi mwisho, kwani huchukua dakika kadhaa. Vituo vya bure vikitokea vikiwa na picha na sauti, una jibu. Visipotokea, jaribu antena hiyo hiyo kwenye runinga nyingine inayojulikana kuwa nzima, kwa sababu huenda tatizo ni antena au mahali duka lilipo.

Mkishapatana bei, mwombe muuzaji aandike nambari kamili ya modeli pamoja na S/N kwenye risiti, na uhifadhi picha ya kibandiko kwenye simu. Siku utakapohitaji rimoti mpya au fundi, jambo la kwanza utakaloulizwa ni modeli, na wakati huo runinga itakuwa imeshatundikwa ukutani.