Nilimdhamini ndugu yangu, sasa naogopea shamba langu

*Shangazi, mimi ni mwalimu hapa Runyenjes, Embu. Miaka minne iliyopita ndugu yangu mdogo alichukua mkopo wa benki akanunua nyumba Makutano, mjini Meru. Mkewe alitia sahihi kama mkopaji mwenza, nami nikawa mdhamini wa hadi shilingi milioni 1. Ndugu yangu aliachishwa kazi na sasa ana miezi minne hajalipa. Juzi nilipata nakala ya notisi ya benki ya siku 90. Wifi yangu ameshaachana naye, na anasema atalipa nusu yake tu. Nina ekari moja na nusu ya majani chai na makadamia, nayo ndiyo inayosomesha watoto wangu. Je, wataiuza?*

Mwanangu, nianze na swali moja: hati miliki ya shamba lako iko wapi?

Kama iko sandukuni mwako na hukuwahi kuipa benki, ulichotoa ni ahadi yako, hukutoa ardhi. Nenda ofisi ya ardhi Embu uombe upekuzi rasmi, kisha usome sehemu inayoonyesha mizigo iliyo juu ya shamba. Kama hakuna rehani ya benki iliyosajiliwa hapo, dalali hana njia ya kulipiga mnada kwa notisi hiyo. Benki ikikutaka, itabidi ikushtaki, ishinde, ndipo iombe mahakama ikamate mali yako. Lakini ukikuta rehani imesajiliwa, shamba limesimama pamoja na nyumba ya Makutano, na unahitaji wakili wiki hii.

Sasa wifi yako. Mkopaji mwenza hana nusu. Kila aliyetia sahihi kama mkopaji anadaiwa deni lote, na benki inaweza kumfuata yeye peke yake kwa kila shilingi. Kuachana na mumewe hakubadilishi mkataba wake na benki. Akilipa zaidi ya fungu lake, atamdai mumewe, lakini hilo ni lao wawili.

Wewe uko nyuma yao. Sheria ya Mikataba ya Kenya ilirekebishwa ili mkopeshaji aanze na mali ya mkopaji mkuu kabla ya kumwendea mdhamini. Kwa hiyo nyumba ndiyo ya kwanza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji hupewa miezi mitatu kurekebisha hali. Asipolipa, inakuja notisi ya pili ya kuuza, ya siku 40, na mdhamini lazima apewe nakala yake. Kisha dalali hutoa notisi yake ya siku 45. Kabla ya mnada benki lazima ithaminishe nyumba, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, mahakama huchukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme deni pamoja na riba na gharama limefika milioni 3.4, na nyumba yenye thamani ya milioni 3.6 ikauzwa mnadani kwa milioni 2.8. Bei hiyo haijashuka kwa robo, kwa hiyo ni vigumu kuipinga. Zimebaki laki 6, nazo zingekufikia zote, kwa kuwa ziko ndani ya milioni 1 yako. Ndiyo maana nataka utoe hati ya dhamana uisome: je, hiyo milioni 1 ni pamoja na riba na gharama, au hizo zinaongezwa juu yake? Kwa mkopo wa benki, tangu 2007 riba baada ya mkopo kuharibika haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo.

Umeona hatari iko wapi: ni ile tofauti kati ya bei ya mnada na deni. Mchukue ndugu yako mkae naye ndani ya siku hizi 90. Yeye mwenyewe akimtafuta mnunuzi kwa bei ya soko, milioni 3.6, benki italipwa yote na dhamana yako itakwisha. Aiombe benki ruhusa kwa maandishi, maana hati ya nyumba iko benki. Benki ikikubali badala yake kuongeza muda wa mkopo, usitie sahihi karatasi mpya kabla wakili hajaisoma, kwani huenda ukaongeza dhamana yako.

Na ikitokea ukalipa, tunza risiti. Mdhamini aliyelipa anaingia mahali pa benki: ana haki ya kumdai ndugu yako na wifi yako kila shilingi aliyotoa. Kama kulikuwa na mdhamini mwingine, naye atachangia.

Leo jioni fungua sanduku, mwanangu. Hati miliki ikiwa humo, utalala ukijua unapigania ile tofauti ya bei na deni, si ekari moja na nusu.