Figo Iliyosinyaa na Figo Iliyojaa Mkojo: Kusoma Altrasaundi ya Figo Masasi na Newala

Altrasaundi huonesha umbo la figo, wala haioneshi kazi yake. Kwa hiyo tabibu anayejifunza kupima katika hospitali ya wilaya hana budi kuijua mapema tofauti kati ya kile ambacho picha inaweza kujibu na kile ambacho kitajibiwa na kipimo cha kreatinini katika damu, yaani taka ya misuli ambayo figo zikichoka hubaki mwilini. Swali ambalo picha hulijibu vizuri kuliko kipimo kingine chochote kilicho karibu ni hili: mgonjwa ambaye kreatinini yake imepanda, je, figo zake zimekwisha kuharibika kwa miaka mingi, au kuna mkojo uliozuiliwa njiani ambao ukifunguliwa figo itapata nafuu? Majibu hayo mawili hufanana kitandani, kwa maana mgonjwa wa aina zote mbili huja akiwa amechoka, hana hamu ya kula na huenda amevimba miguu, lakini mmoja anahitaji kutunzwa kwa dawa na kuandaliwa kwa usafishaji wa damu, ilhali mwingine anahitaji daktari wa mfumo wa mkojo bila kuchelewa.

Katika Masasi na Newala swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya kichocho cha mkojo, ugonjwa wa minyoo ambao mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu na katika sehemu ya chini ya mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, yakasababisha uvimbe na baadaye makovu yanayoibana mirija hiyo. Ugonjwa huo umeenea tangu zamani kusini-mashariki mwa Tanzania. Mpimaji asidanganywe na anwani ya mgonjwa: mji wa Newala uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo udongo wa kichanga hunywa mvua yote na maji ya juu ya ardhi ni haba, na konokono wanaobeba vimelea hawana pa kuishi, lakini mwenyeji wa Newala anaweza kuwa amelelewa bondeni Ruvuma, au huteremka kila mwaka kulima na kuvua huko. Kwa hiyo swali la mgonjwa alikokulia na anakolima huulizwa kabla ya jeli kupakwa, pamoja na swali la kama amewahi kukojoa damu utotoni, jambo ambalo wengi wa eneo hili hawalitaji wenyewe kwa kuwa waliliona kwa wenzao wengi likaonekana la kawaida.

Upimaji wenyewe huanza mgonjwa akiwa na mkojo wa kutosha katika kibofu, kwani kibofu kitupu huficha ukuta wake. Mgonjwa hulala chali, probu ya tumbo iliyopinda huwekwa ubavuni kulia, na ini hutumika kama dirisha la kuiona figo ya kulia. Figo ya kushoto husumbua zaidi, kwa sababu gesi ya utumbo huikinga, na mara nyingi huonekana vizuri mgonjwa akilalia ubavu wa kulia na kuvuta pumzi akaizuia. Urefu hupimwa kutoka ncha hadi ncha baada ya probu kuzungushwa polepole mpaka figo ionekane ndefu kuliko pembe nyingine zote, kwa maana figo iliyokatwa kwa mshazari huonekana fupi na hapo ndipo wanafunzi wengi huandika ripoti ya figo ndogo ambayo haipo. Kwa mtu mzima urefu wa kawaida ni sentimita 9 hadi 12, figo ya kushoto ikiizidi kidogo ya kulia. Tofauti inayozidi sentimita 2 kati ya figo hizo mbili huhitaji maelezo.

Figo iliyosinyaa hutambulika kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: urefu chini ya sentimita 9, nyama ya figo iliyokonda, na weupe wa mwangwi unaolizidi ini. Kwa kawaida gamba la figo hulingana na ini au huwa jeusi kidogo kuliko ini, na ndani yake huonekana piramidi, yaani vipande vyeusi zaidi vilivyopangwa kwa duara. Figo iliyojaa makovu hupoteza mpaka huo kati ya gamba na piramidi. Dalili hizo zikionekana pande zote mbili, ugonjwa ni wa siku nyingi, na mgonjwa asipelekwe kukatwa kipande cha figo kwa uchunguzi, kwa sababu hatari ya kutokwa damu itazidi faida. Hata hivyo kinyume chake si kweli, yaani figo yenye urefu wa kawaida haimaanishi kwamba ugonjwa ni mpya, kwa kuwa kisukari na Virusi vya Ukimwi huweza kuharibu figo kwa miaka huku zikibaki na ukubwa wa kawaida au hata zikiwa zimevimba na kuwa nyeupe sana.

Mkojo unapozuiliwa, nafasi za ndani ya figo hutanuka, na hali hiyo huitwa haidronefrosisi. Mahali pa kuangalia ni katikati ya figo, penye mafuta meupe. Humo huonekana weusi wa maji unaojitenga na mafuta hayo. Katika daraja la chini ni bakuli la figo pekee linalotanuka, katika daraja la kati vikombe vinavyoingia katika bakuli hilo huvimba na kupoteza ncha zake kali, na katika daraja la juu nyama ya figo hubanwa na kukonda. Mpimaji huufuata weusi huo na kuhakikisha kwamba vikombe vyote vinaungana na bakuli moja, kisha huushukia mrija wa mkojo, ambao kwa kawaida hauonekani kabisa. Ukionekana umetanuka hadi chini, kizuizi kiko karibu na kibofu au ndani yake.

Kuna mambo yanayoiga haidronefrosisi, na mawili ndiyo yanayosumbua kila wiki. La kwanza ni kibofu kilichojaa kupita kiasi, ambacho hurudisha shinikizo juu na kutanua figo zote mbili. Mgonjwa hupelekwa msalani, kisha figo hupimwa tena, na iwapo utanukaji umetoweka hakuna cha kuandika zaidi ya hilo. La pili ni ujauzito, ambao hasa baada ya miezi mitatu ya mwanzo hutanua figo ya kulia kwa kiasi bila ugonjwa wowote. Upo pia upotoshaji wa upande wa pili, nao ni wa hatari zaidi: kizuizi kilichoanza saa chache zilizopita, au mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini, huweza kuonesha figo isiyotanuka, kwa hiyo picha safi haifuti maumivu makali ya ubavuni.

Vifuko vya maji vinahitaji maneno machache tu, ijapokuwa ndivyo vinavyowatisha wagonjwa zaidi. Kifuko cha kawaida ni cheusi kabisa ndani, kina ukuta mwembamba laini, na nyuma yake mwangwi huongezeka weupe kwa sababu mawimbi hupita majini bila kupungua. Kikiwa na sifa zote hizo tatu kwa mtu mzima, kinaandikwa na kuachwa. Kinachotenganisha vifuko na haidronefrosisi ni kuungana: vifuko hukaa kila kimoja peke yake kama mayai katika kiota, ilhali vikombe vilivyotanuka hufunguka kuelekea kitovu kimoja. Kuta nene, vizuizi vya ndani, nyama iliyochomoza au damu inayotembea ndani ya kifuko inapopimwa kwa dopla hukiondoa katika kundi la kawaida na kukifanya kistahili rufaa.

Chukulia mfano uliotungwa kwa ajili ya mafunzo: mwanamume wa miaka 45, mkazi wa Newala aliyekulia bondeni Ruvuma, analetwa kwa uchovu na shinikizo la juu la damu, na kreatinini yake ni 310 kwa kipimo cha mikromoli katika lita, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida. Figo ya kulia ina sentimita 7.4, ni nyeupe kuliko ini, na piramidi hazionekani. Mwanafunzi aliyeharakisha angesimama hapo na kuandika ugonjwa sugu wa figo, kwa kuwa jibu limekwisha kupatikana na foleni nje ni ndefu. Figo ya kushoto, hata hivyo, ina sentimita 12.6, ncha yake ya juu ina kifuko cha sentimita 3 cha kawaida kisicho na hatia yoyote, na katikati yake vikombe vimevimba daraja la kati. Nyama iliyobaki ina unene wa milimita 14, na mrija umetanuka hadi milimita 11 mpaka nyuma ya kibofu. Ukuta wa kibofu, ambao kikijaa vizuri hauzidi milimita 3, una milimita 9 upande wa kushoto chini, pamoja na uvimbe mdogo unaochomoza ndani na usiohama mgonjwa anapogeuzwa ubavu. Baada ya kukojoa, mkojo uliobaki ni mililita 40 tu, na utanukaji wa figo haukupungua.

Maana ya picha hiyo inabadilika kabisa figo hizo mbili zinaposomwa pamoja. Figo ya kulia haitegemewi tena, na ile ya kushoto, inayombeba mgonjwa peke yake, ndiyo iliyozibwa, lakini nyama yake bado ni nene kiasi cha kuokolewa. Mabaki madogo ya mkojo yanaonesha kwamba kizuizi hakiko kwenye tezi dume wala katika njia ya nje, kwa hiyo mpira wa mkojo hautasaidia. Kwa mwanamke mwenye picha kama hiyo, saratani ya mlango wa kizazi ingepaswa kutafutwa siku hiyohiyo. Uvimbe ulio kibofuni unaweza kuwa wa kichocho au wa saratani inayofuata kichocho cha miaka mingi, na altrasaundi haina uwezo wa kuzitenganisha aina hizo mbili. Kibofu huangaliwa kwa kamera na kipande huchukuliwa. Prazikwanteli hutolewa, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, lakini rufaa haisubiri matokeo yake. Kwa kijana mwenye kreatinini ya kawaida na uvimbe mpya wa ukuta, dawa hiyo mara nyingi hurudisha kibofu na hata figo katika hali nzuri ndani ya miezi kadhaa, hivyo picha hurudiwa; kovu la zamani linaloubana mrija halifunguki kwa vidonge. Homa ikiongezeka juu ya kizuizi, au mkojo ulio ndani ya figo ukionekana na chembe zinazoelea, kuna uwezekano wa usaha, na mgonjwa huyo huondoka usiku huohuo.

Ripoti ya mgonjwa wa mfano ingetosha kwa sentensi nne: urefu wa kila figo na unene wa nyama yake, daraja la utanukaji kabla na baada ya kukojoa, hali ya mrija na ukuta wa kibofu pamoja na mkojo uliobaki, na mwisho hitimisho kwamba figo pekee inayofanya kazi imezibwa karibu na kibofu, kwa hiyo mgonjwa anahitaji kufunguliwa njia ya mkojo kwa haraka. Kifuko cha sentimita 3 hutajwa mwishoni, kwa maneno matatu, ili daktari anayempokea asije akakidhania kuwa ndicho kilichomleta.