Dondoo muhimu: Baiti ya mwisho katika zoezi la Huffman

Chukua neno `salama`: a zipo 3, na s, l, m moja moja. Foleni ya kipaumbele ikitoa vifundo viwili vyepesi kila mara, unaweza kupata a=0, s=10, l=110, m=111; jumla biti 11. Faili hupokea baiti nzima tu, kwa hiyo baiti ya pili hujazwa sifuri 5, na programu ya kufungua itazisoma kama a: `salamaaaaaa`. Andika idadi ya herufi mwanzoni mwa faili, kisha usimame ukifikia idadi hiyo unapofungua. Baada ya herufi ya mwisho, toa biti n zilizobaki kwenye buf:

```c
if (n > 0) fputc(buf << (8 - n), out);
```

Ukiujenga mti upya kutokana na hesabu ya kila herufi, uzito ukilingana tanguliza kifundo chenye herufi ndogo zaidi, unapobana na unapofungua.